Ile asilimia mbili mbona siioni kwenye taarifa yangu?

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, niko Morogoro. Nimeanza kununua vipande vya mfuko wa pamoja wa uwekezaji. Alhamisi niliona bei ya kipande ni shilingi 415. Ijumaa saa 10 jioni nikalipa milioni moja kwa simu, nikapiga hesabu kwamba nitapata vipande 2,409 na ushee. Taarifa ilipokuja nimeandikiwa vipande 2,407.68 kwa bei ya 415.3368, ambayo ni ya Jumatatu. Jumanne bei ikashuka hadi 415.1293. Halafu nimesoma kwamba mfuko una gharama za asilimia 2 kwa mwaka, lakini kwenye taarifa yangu hakuna mahali zilipokatwa. Je, watakuja kuzikata siku ya kutoa pesa? Na kaka yangu ananilaumu: yeye yuko kwenye mfuko ambao kipande ni shilingi 1,100, anasema wangu ni wa bei rahisi kwa sababu ni dhaifu. Nani anasema kweli, na vipande vyangu viwili vimekwenda wapi?*

Marahaba mwanangu. Nimefanya uhasibu wa mifuko ya namna hii miaka mingi. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kuitoa hiyo bei unayoiona asubuhi, kwa hiyo nitakupeleka mezani pale inapopigiwa hesabu. Vitabu vya mfuko wako sivioni, hivyo nitatumia mfuko wa mfano ambao nimeupangia tarakimu ili bei zake zifanane na hizo ulizoandika.

Tuanze na jioni ya Alhamisi. Mhasibu anaorodhesha kila kitu ambacho mfuko unamiliki. Tuseme kuna hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali imekopa kwa ahadi ya kulipa riba, za shilingi bilioni 30, amana za muda maalumu benki bilioni 12, hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam bilioni 7, na bilioni 1 ambayo ni fedha taslimu pamoja na riba iliyokwisha kuchumwa ila haijalipwa. Jumla bilioni 50. Kisha anaorodhesha kile ambacho mfuko unadaiwa: ada ya meneja ambayo haijalipwa, ada ya benki inayotunza dhamana, yaani hatifungani na hisa za mfuko, ada ya mkaguzi, na pesa za wanachama walioomba kutoka lakini hawajalipwa bado. Tuseme yote hayo ni milioni 200. Ukitoa, inabaki bilioni 49.8, na hiyo ndiyo thamani halisi ya mali ya mfuko. Vipande vyote vilivyo mikononi mwa wanachama ni milioni 120. Gawanya, upate shilingi 415 kamili. Kipande hakina bei nyingine zaidi ya hiyo. Hakuna mnada, wala hakuna mtu anayekaa akaamua leo tuuze kwa kiasi gani.

Hapo kuna jambo watu hulikosea sana. Hisa ya kampuni ikigombewa na wanunuzi wengi, bei yake hupanda. Kipande hakiko hivyo. Wewe ulipoingiza milioni moja, mali ya mfuko iliongezeka kwa milioni moja, na papo hapo vikaundwa vipande vipya vyenye thamani hiyo hiyo. Juu ya mstari kumeongezeka, chini ya mstari kumeongezeka, jibu ni lile lile. Ukisikia mtu anasema "ingia sasa, watu wanamiminika, bei itapaa", jua hajawahi kuiona hesabu hii.

Sasa tuende Ijumaa. Hatifungani za bilioni 30 zenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka huchuma kama milioni 9.86 kwa siku. Amana za bilioni 12 kwa asilimia 9 huchuma kama milioni 2.96. Pamoja ni milioni 12.8, na mhasibu anaziandika siku hiyo hiyo ingawa benki kuu italipa riba ya hatifungani baada ya miezi. Riba inahesabiwa kuwa imechumwa siku kwa siku. Isingefanywa hivyo, mwanachama anayetoka siku moja kabla ya malipo angeondoka bila jasho la miezi yote aliyokaa, na anayeingia siku hiyo angeokota cha mwenzake.

Na hapa ndipo ilipo ile asilimia mbili yako. Mhasibu anachukua asilimia 2 ya bilioni 49.8, ambayo ni milioni 996 kwa mwaka, anaigawanya kwa siku 365, anapata kama milioni 2.7. Kiasi hicho anakiandika jioni hiyo kwenye upande wa madeni, kabla hajagawanya kwa idadi ya vipande. Kwa hiyo kilichobaki kwa wanachama siku ya Ijumaa ni 12.8 kutoa 2.7, yaani milioni 10.1. Gawanya kwa vipande milioni 120, upate shilingi 0.0842. Bei ya Ijumaa ni 415.0842.

Zitazame tarakimu hizo taratibu. Bila gharama, kipande kingepanda kwa shilingi 0.1067. Gharama zimechukua shilingi 0.0225, kama senti mbili na robo, kutoka katika kila kipande, siku hiyo moja. Huwezi kuziona kwenye taarifa yako kwa sababu taarifa inaonyesha vipande na bei, na bei imekufikia ikiwa imekwisha kukatwa. Jibu la swali lako basi ni hapana, hawatakuja kuzikata siku ya kutoa. Wamekuwa wakizikata kila siku tangu ulipoingia. Na wewe usizikate mara ya pili: nawajua watu ambao mfuko wao umekua kwa asilimia 9 katika mwaka, kisha wanatoa 2 na kusema wamepata 7. Kama hiyo 9 imetokana na kulinganisha bei ya kipande mwanzo na mwisho wa mwaka, ni 9 yao kamili.

Siku ya kutoa kinaweza kukatwa kitu kingine, nacho ni ada ya kutoka. Mifuko mingine inayo, mingine haina. Hiyo inakutoza wewe unayeondoka, haimo ndani ya asilimia 2, na utaikuta kwenye waraka wa matarajio, yaani kile kijitabu cha masharti ya mfuko wako. Ada ya kuingia nayo, pale inapokuwepo, husimama peke yake vivyo hivyo.

Lililonifanya nikae kukujibu kwa urefu ni hili. Asilimia mbili inasikika ndogo kwa sababu watu huidhani ni asilimia mbili ya faida. Ni asilimia mbili ya mali yote. Rudi kwenye Ijumaa yetu: mfuko ulichuma milioni 12.8, gharama zikala 2.7. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya riba ya siku hiyo. Na siku ambayo mfuko haukuchuma chochote, hata siku ambayo hisa zimeanguka, milioni 2.7 zinaandikwa vile vile. Sisemi ni wizi. Kuna watu wanaonunua hatifungani mnadani, kuna benki inayotunza dhamana kwa niaba yenu ili meneja asizishike mwenyewe, kuna mkaguzi, na wote hao wanastahili kulipwa. Nasema ujue unalipa nini, kwa sababu tofauti ya asilimia moja tu ni pesa. Chukua mifuko miwili inayochuma asilimia 11 kwa mwaka kabla ya gharama, mmoja una gharama za asilimia 2 na mwingine asilimia 1. Milioni moja ikikaa miaka 10, kwa wa kwanza inafika kama 2,367,000, na kwa wa pili kama 2,594,000. Pengo ni shilingi 227,000 hivi, na hakuna karatasi yoyote itakayokuonyesha zilipoondokea.

Njia ya kuujua uwiano wa gharama wa kweli ni kufungua taarifa ya fedha ya mwaka iliyokaguliwa. Usiridhike na mstari wa ada ya meneja peke yake. Meneja anaweza kutoza asilimia 1.5, kisha benki ya kutunza dhamana, mkaguzi, matangazo na mkutano mkuu wa wanachama vikaongeza nusu asilimia nzima. Tafuta jumla ya gharama za uendeshaji. Tuseme ni milioni 1,029. Halafu tafuta thamani halisi ya mali mwanzo wa mwaka, tuseme bilioni 46, na mwisho wa mwaka, bilioni 52. Wastani ni bilioni 49. Gawanya milioni 1,029 kwa bilioni 49, upate asilimia 2.1. Mfuko uliokua kwa kasi katikati ya mwaka utakupa jibu lililopinda kidogo, kwa kuwa wastani wa ncha mbili si wastani wa siku zote, lakini litakuwa karibu vya kutosha kuulizia. Angalia pia mwelekeo kwa miaka mitatu minne: ada ya mkaguzi haiongezeki mara mbili kwa sababu mali imekuwa mara mbili, hivyo mfuko unaokua ungetarajiwa kushusha uwiano wake. Usiposhuka, una haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu ukauliza. Na ujue kwamba kamisheni ya madalali wa hisa kwa kawaida haimo katika uwiano huo; huhesabiwa kwenye gharama ya kununua au kuuza hisa yenyewe, ikaingia kwenye bei kwa mlango huo.

Vipande vyako viwili sasa. Ulilipa Ijumaa saa 10 jioni, na inaelekea saa ya mwisho ya kupokea maombi ya siku ilikuwa imepita, kwa hiyo ombi lako lilihesabiwa la Jumatatu. Jumamosi na Jumapili soko limefungwa, lakini riba hailali. Bei ya Jumatatu inabeba siku tatu: 0.0842 mara 3 ni 0.2526. Jumlisha na 415.0842 ya Ijumaa, upate 415.3368, senti kwa senti kama ilivyo kwenye taarifa yako. Milioni moja kwa bei hiyo ni vipande 2,407.68. Kwa bei ya Alhamisi ungepata 2,409.64. Pengo la vipande 1.96 lina thamani ya kama shilingi 811, na hizo hakuna aliyezichukua. Ni riba ya Ijumaa mpaka Jumatatu, ambayo pesa yako haikuichuma kwa sababu ilikuwa haijaingia kazini. Ukitaka wikiendi isikupite, lipa asubuhi, na tokeo la hilo litaonekana kwenye tarehe ya bei uliyopewa.

Utauliza kwa nini hawakukupa bei uliyoiona, kama unavyonunua kilo ya sukari kwa bei iliyoandikwa. Sababu ni kuwalinda waliokwisha kuwa ndani. Tuseme leo mali ya mfuko imepanda asilimia 1, ila bei iliyobandikwa bado ni ya jana, 415. Mtu mwenye bilioni 5 ambaye anafuatilia soko anakuja mbio. Anapewa vipande milioni 12.05 kwa 415, wakati thamani yake ya kweli ni 419.15. Jioni hesabu inapopigwa, bei inatoka 418.77 badala ya 419.15. Senti 38 zimetoka kwenye kila kipande cha wenye mfuko, jumla milioni 45 hivi, zikaingia mfukoni mwa mtu aliyelala mle usiku mmoja. Ndiyo maana bei unayopata huwa ni ile inayopigwa hesabu baada ya ombi lako kupokelewa. Marekani waliiweka kanuni hiyo mwaka 1968, na mwaka 2003 ikafumuka kashfa kubwa huko ilipogundulika kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa ikiwaruhusu wateja wakubwa waagize baada ya saa za kufunga na bado wapewe bei ya siku hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa na wakala "ntakuwekea bei ya jana", mkimbie. Kama anaweza kukupa wewe, anaweza kumpa mwingine kwa gharama yako.

Jumanne bei ilishuka kwa shilingi 0.2075. Katika mfuko wetu wa mfano inatosha hisa zile za bilioni 7 zishuke kwa nusu asilimia, yaani milioni 35. Riba baada ya gharama imeleta milioni 10.1, hisa zimeondoa 35, pengo ni milioni 24.9. Gawanya kwa vipande milioni 120. Mfuko wenye hisa utakuwa na siku kama hizo, na hakuna kasoro yoyote. Ungekuwa mfuko wa amana na dhamana za muda mfupi pekee, hapo kushuka kungenishtua.

Kitu cha kukushtua hasa ni kuruka kwa bei siku ambayo soko limetulia. Niliwahi kukaa kwenye dawati ambapo riba ya hatifungani ililipwa, tukaiandika kwenye fedha taslimu, lakini tukasahau kuifuta kwenye orodha ya riba inayodaiwa. Pesa ile ile ikahesabiwa mara mbili. Kwa ukubwa wa mfuko wetu wa mfano, kosa la milioni 300 la namna hiyo hupandisha kipande kwa shilingi 2.50 kwa siku moja, wakati kawaida yake ni senti nane. Waliotoka siku hiyo walilipwa zaidi ya haki yao, na waliobaki ndio waliogharimia. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kutoa bei nilikuwa nakadiria kwanza kichwani inapaswa kupanda kiasi gani, halafu ndipo naangalia mashine imesema nini. Wewe pia unaweza. Andika bei ya kila Ijumaa kwenye daftari kwa miezi miwili, utaujua mwendo wa mfuko wako, na siku ukiona mruko usio na sababu piga simu uulize.

Kaka yako nimemwacha mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Weka milioni moja kwenye kipande cha 415, utapata vipande 2,409.64. Weka milioni moja kwenye kipande cha 1,100, utapata 909.09. Mifuko yote ikikua asilimia 9, cha kwanza kinafika 452.35 na cha pili 1,199. Zidisha: wote mna 1,090,000. Bei kubwa mara nyingi ni umri tu. Hapa kwetu Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005 na Mfuko wa Ukwasi mwaka 2013, kwa hiyo wa kwanza umekuwa na miaka minane zaidi ya kukusanya. Na mfuko unaogawa gawio kwa wanachama bei yake haiwezi kukimbia, kwa kuwa pesa inayotoka kwenda kwenu inapunguza mali iliyo juu ya mstari. Kenya kuna mifuko mingi ya soko la fedha ambayo kipande hukaa shilingi moja mwaka mzima, faida ikiongezwa kama vipande vipya, na hakuna anayeiita dhaifu kwa hilo.

Mkitaka kulinganisha mifuko yenu, wewe na kaka yako chukueni bei ya tarehe moja mwaka jana na ya tarehe hiyo hiyo mwaka huu, mpate asilimia ya ukuaji, mjumlishe gawio kama lilitolewa. Kisha kila mmoja apige ule uwiano wa gharama kutoka kwenye taarifa ya fedha ya mfuko wake. Niandikieni mkizipata hizo tarakimu nne, nitazipitia pamoja nanyi.